Katalogi imepangwa kwa kutazamwa na mauzo, ila bado hujui uanze na bidhaa ipi: dalili na vyanzo vyake

Kazi yenyewe inaonekana nyepesi. Unapakua ripoti ya siku 90 ya duka lako la mtandaoni, unaifungua kwenye Excel au lahajedwali lolote, unaweka safu moja ya mara ambazo kila ukurasa wa bidhaa umetazamwa, nyingine ya oda, kisha unapanga kutoka kubwa kwenda ndogo. Zile za juu ndizo unazipiga picha upya na kuziandikia maelezo mapya. Baada ya wiki kadhaa unagundua umetumia nguvu nyingi kwenye bidhaa ambazo hazikuwa na tatizo, na zile zinazovuja mauzo hukuzigusa.

Mara nyingi kosa halipo kwenye bidhaa bali kwenye jinsi orodha ilivyopangwa. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili zinazojitokeza kwenye orodha yenyewe, halafu ndipo twende kwenye kurasa za bidhaa. Mfano nitakaoutumia ni katalogi ya bidhaa zipatazo 400 za matumizi ya kawaida. Kwa siku 90 kurasa zake zote kwa pamoja zimetazamwa mara 24,000 na kuleta oda 480. Yaani katika kila mara 100 ukurasa unapotazamwa, oda ni 2. Hicho ndicho kiwango cha ununuzi cha katalogi nzima, asilimia 2.

Dalili: bidhaa unayowafungashia wateja kila siku inaonekana haina mauzo

Ukiona hivi, usiendelee na hatua nyingine yoyote. Namba zako si sahihi, na mpangilio wowote utakaoujenga juu yake ni kazi bure.

Chanzo kikubwa ni rangi na saizi. Mifumo mingi ya maduka ya mtandaoni huhesabu kutazamwa kwenye ukurasa mama, lakini oda huzihesabu kwenye kila rangi au saizi, kila moja na namba yake. Kifuniko cha simu chenye rangi sita kinakuwa na mstari mmoja kwenye ripoti ya kutazamwa na mistari sita kwenye ripoti ya oda. Watu wengi huziunganisha ripoti hizo kwa VLOOKUP, na VLOOKUP huleta mstari wa kwanza tu unaolingana. Rangi tano zilizobaki zinapotea kimyakimya, bila ujumbe wowote wa kosa. Tumia SUMIF, ambayo hujumlisha yote yenye namba mama moja:

```
=SUMIF(Oda!B:B, A2, Oda!D:D)
```

Hapa safu B ya laha ya oda ina namba mama na safu D ina idadi ya oda. Lahajedwali lako likikataa mkato katikati ya fomula, weka nuktamkato, maana hilo hutegemea lugha na eneo ulilochagua kwenye mipangilio. Kisha hakiki: jumla ya oda kwenye laha yako mpya lazima ilingane na jumla iliyo kwenye ripoti ya awali. Ikipungua, kuna bidhaa zilizoachwa nje. Na kamwe usiunganishe kwa jina la bidhaa, kwa sababu nafasi moja iliyozidi mwishoni mwa jina inatosha kuzifanya bidhaa mbili zisitambuane.

Dalili: 980 iko juu ya 5,100

Lahajedwali linasoma namba zako kama maandishi, kwa hiyo linazipanga kwa herufi ya kwanza, na 9 inaizidi 5. Utaitambua hali hii kwa macho: namba zimeegemea kushoto mwa kisanduku badala ya kulia. Mara nyingi mkosaji ni mkato wa maelfu uliokuja na faili. Uondoe hivi kwenye safu mpya:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(C2,",",""))
```

Kuna balaa jingine la jamii hii ambalo halionekani kabisa: kuchagua safu moja tu na kuipanga, safu nyingine zikabaki zilipokuwa. Kila bidhaa inajikuta na namba za jirani yake. Kabla ya kupanga, ziandike pembeni namba za bidhaa moja unayoijua vizuri, na baada ya kupanga itafute uone kama bado inazo.

Dalili: zilizoko juu kwa kiwango cha ununuzi ni bidhaa ambazo hakuna anayezijua

Umegawa oda kwa kutazamwa, ukapanga, na bingwa ni saa ya ukutani yenye asilimia 8.3. Ukiangalia kwa karibu, imetazamwa mara 12 na kununuliwa mara moja. Mnunuzi huyo mmoja angeahirisha tu, saa ingekuwa sifuri na ingeanguka hadi chini kabisa ya orodha. Namba inayoruka hivyo kwa uamuzi wa mtu mmoja haifai kupangia kazi.

Upande wa chini hali ni ileile. Kuna kishikio cha simu cha kwenye gari kilichotazamwa mara 60 bila oda hata moja, na kishawishi cha kukiita kibovu ni kikubwa. Ipo kanuni ya haraka ya takwimu inayosaidia hapa: kama jambo halijatokea hata mara moja katika majaribio kadhaa, gawa 3 kwa idadi ya majaribio hayo, utapata kiwango cha juu ambacho bado kinawezekana kwa uhakika wa takribani asilimia 95. Kwa kishikio, 3 gawanya kwa 60 ni asilimia 5. Maana yake, kiwango chake halisi kinaweza kuwa chochote kuanzia sifuri hadi 5, na wastani wa katalogi ni 2. Bado hujajua lolote kuhusu kishikio hicho.

Igeuze kanuni hiyo upate kizingiti chako: gawa 3 kwa kiwango cha katalogi. Kwa asilimia 2 unapata 150. Bidhaa isiyouza kitu ikiwa imetazamwa chini ya mara 150 haijathibitisha udhaifu wowote, ila ikivuka hapo bila oda ina jambo la kueleza. Duka lenye kiwango cha asilimia 1 litahitaji 300.

Dalili: zilizoko juu kwa kutazamwa ndizo zilezile zinazouza zaidi

Huu ndio mtego wa kupanga kwa kutazamwa peke yake. Kifuniko cha simu kinaongoza kwa mara 5,100, kina oda 92, yaani asilimia 1.8. Ni bidhaa yenye afya. Ukiivuruga picha yake kuu au jina lake unaweza kupoteza kilichokuwa kinakulisha, na cha kupata ni kidogo.

Safu ya kupangia si kutazamwa wala kiwango cha ununuzi, bali pengo: oda ambazo bidhaa ingepata kama ingeuza kwa kiwango cha kawaida, ukitoa oda ilizopata kweli, kisha ukazidisha kwa faida ya kipande kimoja. Kiwango cha katalogi kiweke kwenye kisanduku kimoja, tuseme H1, halafu kwenye kila mstari:

```
=MAX(0, C2*$H$1-D2)*E2
```

C ni kutazamwa, D ni oda, E ni faida ya kipande. Safu ya E inaweza kuwa ya kukadiria tu. Kwenye mfano wetu kifuniko ni 1, taa ya mezani ni 1.5, na begi la mgongoni ni 4, kwa sababu begi moja linaleta faida ya vifuniko vinne.

Sasa tazama kinachotokea. Kifuniko kilitakiwa kuuza 102, kimeuza 92, pengo ni 10. Begi limetazamwa mara 900 na kuuza 9, wakati lilitakiwa kuuza 18. Pengo ni 9, mara 4 ni 36. Taa imetazamwa mara 3,200 na kuuza 16 tu badala ya 64. Pengo ni 48, mara 1.5 ni 72. Kishikio cha gari kina pengo la oda 1.2 na kimejisogeza chenyewe chini bila kuhitaji kuchujwa. Mpangilio huu una faida hiyo: bidhaa zenye namba ndogo hazipigi kelele.

Tahadhari moja. Kama katalogi yako ina vitu vya bei ndogo na vya bei kubwa mno pamoja, wastani mmoja utavionea vile vya bei kubwa, kwa sababu mtu huvitazama mara nyingi kabla ya kuamua. Piga wastani wa kila kundi peke yake. Kwenye mfano huu mabegi mengine nayo yanauza karibu asilimia 2, kwa hiyo begi letu halina cha kujitetea.

Dalili: bidhaa mpya na zilizokwisha stoo zinaonekana mbovu

Bidhaa iliyowekwa siku 20 zilizopita haiwezi kushindana na ya siku 90. Kama unalinganisha kutazamwa, gawa kwanza kwa siku ilizokuwa hewani. Kuisha kwa stoo kuna hila zaidi, kwa sababu ukurasa huendelea kutazamwa wakati hakuna cha kununua, na hivyo pengo hupanda bila sababu. Hali mbaya zaidi ni pale bidhaa inapohesabika ipo, kumbe rangi inayopendwa imekwisha. Kabla ya kuhukumu bidhaa yoyote yenye pengo kubwa, angalia ilikosekana siku ngapi, tena kwa kila rangi na saizi. Ikikutwa hivyo, dawa ni kuagiza mzigo, na maelezo ya bidhaa hayana kosa.

Dalili: pengo kubwa kuliko yote, lakini ukurasa unaonekana hauna kasoro

Hapa ndipo taa ilipo. Picha ni safi, bei ni ya kawaida, maelezo yamekamilika. Mtu mwenye haraka angepunguza bei. Kabla ya hapo fungua ripoti ya maneno ambayo watu walitafuta hadi wakafika kwenye ukurasa huo, na kama mfumo wako hauna ripoti hiyo, soma maswali ya wateja. Kwenye taa hii maswali yanafanana mno: inakaa na chaji saa ngapi? Inachajiwa kwa waya gani? Inawaka umeme ukikatika?

Taa haina betri. Inachomekwa ukutani. Ila jina lake kwenye katalogi lina maneno "taa ya kuchaji na kusomea", yaliyonakiliwa kutoka kwenye taa nyingine wakati wa kupakia. Watu wanatafuta taa ya kuchaji, wanaletwa hapa, wanasoma maelezo, wanaondoka. Mtu anayetafuta maziwa hanunui maji hata ukimpunguzia bei.

Ukishaondoa neno hilo, kutazamwa kutashuka, labda kutoka 3,200 hadi karibu 800, na oda zitabaki palepale kwenye 16 au hapo karibu. Kiwango kitapanda hadi asilimia 2 na pengo litatoweka. Lakini hujauza taa hata moja zaidi! Zile oda 48 "zilizokosekana" hazikuwahi kuwepo, kwa sababu wale watazamaji 2,400 hawakuwa wateja wa taa hii. Pengo linakuonyesha pa kuchunguza. Halikuahidi kiasi utakachopata. Faida ya ugunduzi huu iko kwingine: sasa unajua watu wengi wanatafuta taa ya kuchaji na wewe huna. Hilo ni jambo la kupeleka kwa anayeagiza mzigo, na marekebisho ya jina yanachukua dakika mbili.

Kwa hiyo kila bidhaa inayopanda juu ya orodha iulize kwanza swali hili: wanaokuja, walikuwa wanatafuta kitu hiki? Kama sivyo, rekebisha jina na kundi, upange upya, na uende kwa inayofuata. Matangazo ya kulipia yanaweza kuleta hali hiyohiyo yakielekezwa kwa watu wasiohusika. Ikiwa ripoti inatenganisha waliokuja kwa tangazo na waliokuja wenyewe, pima kundi la pili peke yake.

Dalili: watu wanaweka kwenye kikapu, kisha wanaacha

Taa ikitoka, anayeongoza ni begi. Waliolifikia walitafuta begi la mgongoni, kwa hiyo hapa watazamaji ni halali. Namba inayofuata kuitazama ni ya waliobonyeza kuweka kwenye kikapu. Kifuniko kimewekwa kikapuni mara 300 na kununuliwa mara 92, karibu watatu kati ya kila kumi. Begi limewekwa mara 70 na kununuliwa mara 9, mtu mmoja kati ya karibu wanane.

Mgawanyo huu unakuokolea kazi nyingi. Kama wangekuwa wanatazama bila kuweka kikapuni, ungeshuku picha, maelezo, bei au maoni ya wanunuzi. Lakini watu 70 kati ya 900 wamelipenda begi kiasi cha kulichagua, idadi ambayo kwa uwiano inazidi ya kifuniko. Ukurasa unafanya kazi yake. Kinachowafukuza kiko mbele ya ukurasa, kwenye malipo.

Jifanye mteja. Weka begi moja kikapuni, jaza anwani, fika hadi hatua ya mwisho kabla ya kulipa. Gharama ya usafirishaji inatokea pale, na ni kubwa kupita bei ya begi lenyewe. Ukirudi kwenye taarifa za bidhaa unakuta uzito umeandikwa kilo 8. Begi lina kilo 0.8. Nukta moja ilisahaulika, na mfumo ukawa unatoza kila mteja usafiri wa mzigo wa kilo 8. Kosa hili haliwezi kuonekana kwenye ukurasa wa bidhaa hata ukiukodolea macho siku nzima, ndiyo maana kujaribu kununua ni lazima. Ukishalipata kwenye begi moja, panga katalogi yote kwa safu ya uzito, uangalie zilizoko juu na zilizoko chini kabisa. Makosa ya nukta huwa hayaji peke yake.

Dalili: inauza vizuri, lakini karibu hakuna anayeiona

Chupa ya maji imetazamwa mara 140 na kuuza 7, asilimia 5. Pengo lake ni sifuri, kwa hiyo fomula yetu haitaiinua kamwe. Bidhaa za aina hii zinahitaji mpangilio wa pili: chuja zilizotazamwa chini ya kile kizingiti cha mara 150 lakini zina angalau oda tano, kisha panga kwa kiwango cha ununuzi. Sharti la oda tano linaizuia saa yetu ya ukutani isirudi kutusumbua.

Swali la chupa ni moja: haionyeshwi, au inaonyeshwa na watu hawaibonyezi? Tafuta idadi ya mara ilizotokea kwenye matokeo ya utafutaji. Tuseme ni 2,000. Mara 140 kati ya 2,000 ni asilimia 7, na bidhaa nyingine za kundi lake zinabonyezwa kwa asilimia 3. Basi picha na jina havina tatizo, na kupiga picha mpya ni kupoteza siku. Chupa haionyeshwi vya kutosha.

Sababu za kutoonyeshwa ni chache na zinakaguliwa haraka. Imewekwa kwenye kundi la "Vinginevyo", au sehemu za sifa kama ujazo, rangi na malighafi zimeachwa wazi. Mteja akichuja kwa "lita 1", chupa isiyojazwa ujazo inaondolewa kwenye matokeo hata kama ni ya lita 1 kweli. Jaza sifa zote, hamisha kundi. Ingekuwa kinyume, yaani imeonyeshwa mara 2,000 na kubonyezwa mara 20, ndipo ungegeukia picha kuu na maneno ya mwanzo ya jina, kwa kuwa hayo tu na bei ndiyo mteja anayaona kabla ya kubonyeza.

Zile zisizotazamwa wala kuuza zitakuwa nyingi, pengine zaidi ya nusu ya katalogi. Ziache mwisho. Angalia tu kama kati yake kuna bidhaa iliyopakiwa mara mbili, maana hapo kutazamwa na maoni yamegawanyika kwenye kurasa mbili na kuziunganisha ni kazi ya dakika chache.

Dalili: umerekebisha, na huwezi kujua kama imesaidia

Kwa kawaida ni kwa sababu vitu vitatu vilibadilishwa siku moja, au matokeo yamesomwa mapema mno. Weka safu ya tarehe na ya badiliko lililofanyika, badiliko moja kwa kila bidhaa kwa wakati mmoja. Kosa la wazi kama uzito wa begi lirekebishe papo hapo bila kusubiri zamu.

Kisha hesabu kutazamwa na si siku. Begi linatazamwa mara 10 kwa siku. Likiuza kwa asilimia 2 litapata oda 4 katika siku 20, na kwa asilimia 1 lingepata 2. Tofauti kati ya 2 na 4 inaweza kuletwa na bahati tupu. Lisomwe baada ya kutazamwa mara 900 tena, kama kipindi kilichotangulia, ambapo 9 inalinganishwa na 18. Ila kwa begi huna haja ya kusubiri oda pekee: namba ya kikapuni hadi malipo inajibu mapema zaidi. Vikapu 30 vya kwanza baada ya kurekebisha uzito vikizaa oda 9, badala ya 4 za zamani, una dalili njema ndani ya wiki tano au sita. Bidhaa inayotazamwa mara moja kwa siku haitakupa jibu la namna hii mwaka huu, kwa hiyo irekebishe kwa akili ya kawaida na usiipime.

Orodha nzima ipange upya kila robo mwaka, kwa siku 90 zilizotangulia. Kama bidhaa zako hufuata msimu, linganisha na kipindi kama hicho cha mwaka uliopita, la sivyo mwezi ambao watu hawanunui mabegi utakuambia umeliharibu begi.